Shajara ya mradi: ngozi inayokunywa mwanga na sikio linalowaka likimulikwa kwa nyuma

Siku ya 1

Kichwa cha majaribio kiko mbele ya kamera, taa iko nyuma yake upande wa kushoto, na sikio ni jeusi. Tatizo la mradi huu ndilo hilo. Mtu akisimama jua likiwa nyuma yake, masikio yake hayawi meusi hata kidogo. Ukingo wa juu unawaka wekundu, ndewe inawaka zaidi, na pale gegedu linapokuwa nene wekundu unazama. Jicho la mtazamaji linaijua picha hiyo tangu utotoni, kwa hiyo sikio jeusi linaua uso mzima hata kama kila kitu kingine kimechorwa vizuri.

Sababu ni kwamba sheda ya kawaida inadhani mwanga unatokea palepale ulipoingilia. Ngozi haifanyi hivyo. Mwanga ukiigusa, sehemu ndogo, karibu asilimia 3 ukitazama moja kwa moja, inaruka papo hapo na hiyo ndiyo mng'ao wa mafuta tunaouona kwenye paji na pua. Sehemu kubwa inaingia ndani, inagongagonga humo, kisha inatoka mahali pengine, milimita kadhaa kutoka pale ilipoingilia. Damu inameza kijani na buluu kwa pupa, nyekundu inaiachia ipite, ndiyo maana nyekundu husafiri mbali kuliko rangi nyingine.

Nimeigawa kazi mara mbili. Mwanga unaoingia na kutoka upande uleule unaweza kuigizwa kwa kutia ukungu kwenye picha ya skrini, kwa sababu mahali ulipoingilia na ulipotokea vyote vinaonekana na kamera. Mwanga unaoingia nyuma ya sikio na kutoka mbele hauwezi kuigizwa hivyo, maana skrini haina habari yoyote ya nyuma ya sikio. Huo unahitaji kujua unene wa nyama. Njia zote mbili zinajulikana: Jorge Jimenez na wenzake walizieleza mwaka 2009 na 2010, wakitumia vipimo vya ngozi ambavyo d'Eon na Luebke walivichapisha mwaka 2007. Nataka kuzijenga mwenyewe kwenye OpenGL, hatua kwa hatua, nione zinavunjikia wapi.

Sheria moja nimejiwekea kabla ya kuandika mstari wowote: kila urefu unaohusu ngozi utakuwa kwa milimita halisi. Umbo la kichwa lilikuja likiwa na vizio 2 kwenda juu, nami nimelipunguza hadi sentimita 23 kutoka kidevuni hadi utosini. Ngozi ina ukubwa wake. Ukiichora kwenye kichwa cha mita 2, hesabu zote zitakuambia kwamba jamaa huyu ametengenezwa kwa jiwe.

Siku ya 2

Nimeanza kwa kosa ambalo nilitaka nilione kwa macho yangu: nimetia ukungu kwenye picha iliyokwisha kamilika. Uso umekuwa nta. Vinyweleo vimepotea, madoa yamepotea, na ule mng'ao wa pua umevimba ukawa tope jeupe.

Kinachotawanyika ndani ya ngozi ni mwanga tu. Rangi ya ngozi na mng'ao wa juu havitawanyiki. Kwa hiyo sasa sheda ya uso inaandika mahali pawili. Bafa ya kwanza inapokea mwanga ulioifikia ngozi kabla haujazidishwa na rangi, ya pili inapokea mng'ao peke yake. Ukungu unapita kwenye ile ya kwanza tu, halafu mwishoni nazidisha rangi ya ngozi na kuongeza mng'ao juu yake. Vinyweleo vimerudi vyote.

Bafa zote mbili ni `GL_RGBA16F` na thamani zake ni za mwanga wenyewe, hazijapitishwa kwenye `sRGB`. Hili si la kupuuza. Ukijumlisha pikseli jirani baada ya kuzipitisha kwenye `sRGB`, mpaka wa kivuli unakuwa mweusi kuliko inavyopasa, na ule utepe mwembamba wa wekundu unaotakiwa kuonekana pale mwanga unapokutana na kivuli unafifia.

Siku ya 4

Siku mbili zote nimekuwa kwenye upana wa ukungu. Kosa la kawaida ni kuweka namba ya pikseli, tuseme 10, na kuiacha. Kamera ikirudi nyuma, pikseli 10 zinafunika shavu zima.

Vipimo vya d'Eon na Luebke vinaeleza ngozi kama jumla ya mikunjo sita ya Gausi, kila mmoja na upana wake na uzito wake kwa nyekundu, kijani na buluu. Mpana kuliko yote una varyansi ya milimita za mraba 7.41, yaani upana wa milimita 2.72, na ni nyekundu tu inayoutumia. Mwembamba kuliko yote una varyansi 0.0064, upana wa milimita 0.08.

Nimezigeuza kuwa pikseli hivi:

```glsl
float pxPerMm = 0.0005 * screenH / (tan(0.5 * fovY) * viewZ);
```

Kamera yangu ina pembe ya nyuzi 30 kwenda juu, skrini ina mistari 1080, na uso uko sentimita 60 mbele. Jibu ni pikseli 3.36 kwa milimita. Mkunjo mpana wa nyekundu unakuwa pikseli 9 hivi, na ukiufuata hadi mara tatu ya upana wake unafika pikseli 27 kila upande. Mkunjo mwembamba ni robo ya pikseli, maana yake hauna cha kutia ukungu. Huo nimeuacha ubaki kwenye pikseli ya katikati kama ulivyo, na ndio unaolinda ukali wa mikunjo midogo ya ngozi. Kamera ikirudi hadi mita 3, kila milimita inapata pikseli 0.67 tu na mkunjo mpana unashuka chini ya pikseli 2. Hapo ukungu hauonekani tena, na unaweza kuzimwa kabisa bila mtu kujua.

Ukungu wenyewe unapita mara mbili, kwanza kwa mlalo kisha kwa wima, kila mara kwa sampuli 17. Sampuli nimezibana karibu na katikati na kuziachia nafasi kwenye ncha, kwa sababu kijani na buluu zinaishia karibu sana.

Hapo ndipo nilipodanganyika. Picha ya kwanza ilitoka nzuri sana, uso ulikuwa na joto na damu, nikakaa kuitazama kwa raha. Kisha nikafanya jaribio ambalo sasa naliweka kwenye kila toleo: nijaze bafa ya mwanga kwa 1.0 kila mahali, nipitishe ukungu, nisome kilichotoka. Mwanga ulio sawa kila mahali hauna pa kutawanyikia, lazima urudi 1.0 kwa rangi zote tatu. Nilisoma nyekundu 1.00, kijani 0.93, buluu 0.88. Ule wekundu niliousifu ulikuwa wizi wa kijani na buluu. Sampuli zinapokuwa na nafasi zisizo sawa, uzito wa kila moja lazima uzidishwe kwa upana wa kipande inachokiwakilisha, na kila rangi igawanywe kwa jumla yake yenyewe. Mimi nilikuwa nimezigawanya zote kwa jumla ya nyekundu. Baada ya kusahihisha, uso umepoa kidogo, na wekundu umebaki pale unapostahili, yaani kwenye mipaka ya vivuli tu.

Kasoro moja nimeikubali. Jumla ya mikunjo ya Gausi haigawanyiki kihalali kuwa mlalo na wima, kwa hiyo doa dogo la mwanga mkali kwenye shavu linatoa alama hafifu ya msalaba. Kwenye uso wenye mwanga wa kawaida sijaiona.

Siku ya 5

Sikio limeanza kusumbua hata kabla sijafika kwenye unene. Ukingo wake una mstari mweusi kuuzunguka, na fuvu lililo nyuma yake limepata mwanga ambao si wake. Ukungu haujui kwamba pikseli mbili jirani zinaweza kuwa mbalimbali kwa sentimita nyingi. Unachota weusi wa mandhari na kuupaka sikio, kisha unachota mwanga wa sikio na kuupaka fuvu.

Dawa ni kuuliza kina. Sampuli ikiwa mbali sana na pikseli ya katikati kwa kina, badala ya rangi yake tumia rangi ya katikati:

```glsl
vec3 sum = kernel[0].rgb * center;
for (int i = 1; i < 17; i++) {
    vec2 t = uv + dir * kernel[i].a * pxPerMm / res;
    float dz = 1000.0 * abs(linZ(t) - viewZ);
    float s = clamp(dz / reach, 0.0, 1.0);
    sum += kernel[i].rgb * mix(texture(irr, t).rgb, center, s);
}
```

Usiiache sampuli ikadondoka tu bila kuijaza, maana uzito wa jumla utapungua na mstari mweusi utarudi kwa mlango mwingine.

Kazi ilikuwa kuchagua `reach`. Nilianza na milimita 3, sikio likawa safi kabisa, lakini shavu lilipogeuka pembeni likapoteza ulaini wote. Ngozi iliyoinama nyuzi 60 kutoka kwa kamera inabadilisha kina karibu milimita 14 kwa kila milimita 8 unazosogea pembeni, kwa hiyo kipimo cha 3 kiliiona kama vitu viwili tofauti. Kwenye umbo langu ukingo wa sikio uko milimita 18 hivi kutoka kwenye fuvu. Nimeweka 10. Mstari mweusi umekwenda, na shavu limebaki na sehemu kubwa ya ulaini wake.

Siku ya 7

Unene sasa. Wazo lenyewe ni rahisi: ramani ya kivuli tayari inajua ni wapi mwanga wa taa uligusa kichwa kwa mara ya kwanza. Pikseli ninayoichora iko mbele ya sikio, upande usioikabili taa. Nikiitazama kutoka kwenye taa, kina chake nitoe kina kilichohifadhiwa kwenye ramani, nimepata umbali ambao mwanga umesafiri ndani ya nyama.

Jaribio la kwanza lilitoa sikio jeusi vilevile. Nilikuwa nimezidisha mwanga wote wa taa kwa kivuli, pamoja na huu mpya. Upande huu wa sikio uko kivulini kwa hakika, na mwanga unaopenya unafika hapo kwa sababu umepita kwenye kitu kinachotia kivuli. Nikauondoa kwenye kuzidishwa huko.

Jaribio la pili lilitoa namba za ovyo zilizobadilika kutoka fremu hadi fremu. Ramani ya kivuli kwangu husomwa kwa sampla inayolinganisha na kurudisha jibu la ndiyo au hapana. Unene unahitaji kina chenyewe. Ukiisoma tekscha yenye `GL_TEXTURE_COMPARE_MODE` ikiwa imewashwa kwa `sampler2D` ya kawaida, OpenGL haikuahidi matokeo yoyote. Nimetengeneza sampla ya pili yenye `GL_NONE`, na namba zikatulia.

Jaribio la tatu ndilo lililonila mchana wote. Upande mzima wa kichwa ulio kivulini uliwaka, si sikio tu, bali shavu, shingo na taya, na ukawaka mweupe. Nilihangaika na matriki za taa mpaka nikasimama kwenye lile neno moja, mweupe. Nyama nene inatoa giza na nyama nyembamba inatoa wekundu. Weupe hutoka mahali pamoja tu, unene wa sifuri, kwa sababu hapo uzito wa mikunjo yote sita unajumlika kuwa 1 kwa kila rangi. Basi ramani ilikuwa ikiniambia kwamba mwanga umeingilia palepale unapotokea. Nikakumbuka: miezi mingi iliyopita, ili kuondoa madoadoa ya vivuli, niliweka `glCullFace(GL_FRONT)` wakati wa kuchora ramani ya kivuli. Ramani ilikuwa inahifadhi nyuso zinazoipa taa mgongo, yaani hasa ule upande ninaouchora. Ujanja huo ni mzuri kwa vivuli, kwa unene ni sumu.

Nimetenga ramani ya pili kwa ajili ya ngozi peke yake. Inachora nyuso zinazoikabili taa, na haina `glPolygonOffset`, kwa sababu kusukuma kina hata kidogo ni kupunguza unene. Sikio limewaka. Nyekundu, kwa mara ya kwanza.

Siku ya 8

Nilimwonyesha picha rafiki yangu anayechora wahusika. Akaisogelea skrini, akaniuliza, "Mbona sikio lina mistari kama ramani ya milima?" Kweli, wekundu ulikuwa unashuka kwa ngazi, pete ndani ya pete.

Hii nayo ni hesabu. Ramani yangu ilikuwa ya `GL_DEPTH_COMPONENT16`, taa iko mita 2 kutoka kichwani, ukuta wa karibu wa taa uko sentimita 10 na wa mbali mita 20. Kina cha mtazamo hakigawanywi sawasawa: kingi kinatumika karibu na taa, na kinachofika mita 2 ni kidogo. Kwa vipimo hivyo, ngazi moja ya kina kwenye umbali wa kichwa ni milimita 0.6. Kwa kivuli cha ukuta hiyo si kitu, ila kwa sikio ni balaa. Nyekundu inayopenya milimita 1 ni 0.305, na inayopenya milimita 1.6 ni 0.155. Kila ngazi inakata nusu ya wekundu, kwa hiyo lazima uzione.

Sikuongeza biti. Nimeleta ukuta wa karibu hadi mita 1.2 na wa mbali hadi mita 3, kwa kuwa ramani hii inahitaji kichwa tu. Ngazi imeshuka hadi milimita 0.03, na pete zimeyeyuka. Nimewasha pia `GL_DEPTH_CLAMP`, ili kofia au mkono ulio karibu na taa kuliko mita 1.2 usikatwe. Unabanwa kwenye kina cha sifuri, unene unaonekana mkubwa, na sikio linazimika kama inavyotakiwa mwanga ukizuiwa.

Siku ya 9

Rafiki yangu pia aliona kitu cha pili ambacho mimi nilikuwa nimekizoea: ukingo wenyewe wa sikio, pale ambapo ni pembamba kuliko popote na panapotakiwa kuwaka zaidi, ulikuwa na uzi mweusi.

Ukingo huo ndio mpaka wa sikio ukitazamwa kutoka kwenye taa. Tekseli moja ya ramani ilikuwa na upana wa milimita 1.4 (nyuzi 40 kwa mita 2, tekseli 1024), kwa hiyo pikseli ya ukingoni mara nyingi inaangukia tekseli iliyokwisha toka nje ya sikio. Ile imehifadhi kina cha kitu kingine kabisa. Nilikuwa nachukua tofauti ya vina bila kujali alama, na tofauti ya sentimita nyingi inasomeka kama nyama nene.

Jimenez na wenzake waliliponya hili kwa kuisogeza pikseli ndani ya mwili kidogo, kufuata kinyume cha nomali, kabla ya kuisoma ramani. Kwenye ukingo, nomali inaelekea pembeni, kwa hiyo msogeo unairudisha sampuli ndani ya sikio. Nimefanya hivyo, pia nimeibana taa ya ramani hii hadi nyuzi 12, na tekseli imekuwa milimita 0.4. Sasa msogeo wa milimita 1 unatosha.

```glsl
vec3 p = posW - nGeo * 0.001;
vec4 q = lightVP * vec4(p, 1.0);
float zIn = linLight(texture(thickMap, 0.5 * q.xy / q.w + 0.5).r);
float mm = 1000.0 * max(lightDepth(posW) - zIn, 0.0);
```

Angalia kwamba `p` inatumika kuchagua tekseli tu. Kina cha kutokea nakihesabu kutoka `posW` isiyosogezwa. Ukitumia `p` kote, katikati ya sikio, ambako nomali inaipa taa mgongo, unaibia unene milimita nzima, na kwa sikio la milimita 2 hiyo ni nusu. Nomali nayo ni ya umbo lenyewe, si ile ya ramani ya vinyweleo. Nilijaribu ya vinyweleo, na wekundu ukawa na chengachenga.

Siku ya 11

Leo ni rangi. Nyekundu, kijani na buluu zinazopenya nazihesabu kwa mikunjo ileile sita, kila mmoja kama `w * exp(-mm * mm / v)`, kisha nazidisha kwa `clamp(0.3 + dot(-nGeo, L), 0.0, 1.0)`. Sijui nomali ya mahali mwanga ulipoingilia, hivyo naigeuza ya mahali unapotokea na kuichukulia kuwa ndiyo. Kwa kitu chembamba kama sikio hilo linakubalika. Ile 0.3 inauacha mwanga uzunguke ukingo badala ya kukatika ghafla.

Nimeketi na namba ili nijue nitegemee nini. Kwa milimita 1, nyekundu ni 0.305 na kijani 0.005. Kwa milimita 2, nyekundu ni 0.094, na kijani ni sehemu 5 tu za elfu kumi. Kwa milimita 4, nyekundu ni 0.009, yaani sehemu ya kumi ya ile ya milimita 2. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unene wa kukisia haufai: ukikosea milimita 2 umekosea mwanga mara kumi.

Mwanga huu unaopenya naujumlisha kwenye bafa ya mwanga kabla ya ukungu. Nilijaribu baada ya ukungu, na kivuli cha unywele mmoja nyuma ya sikio kilitokea mbele kikiwa mkali kama kilichochorwa kwa wembe. Kivuli kinachopita ndani ya nyama hakiwezi kubaki mkali. Ukiweka kabla, ukungu wa siku ya 4 unakilainisha wenyewe, bila gharama ya ziada.

Kisha nikabadilisha kichwa, nikaweka cha mtu mweusi sana, na wekundu ukazidi mno, kama taa imefichwa ndani ya sikio. Melanini iko kwenye tabaka la juu, na mwanga unaopenya sikio unalivuka tabaka hilo mara mbili, kuingia na kutoka. Mimi nilikuwa nauzidisha mwanga unaopenya kwa rangi iliyong'arishwa kwa mkono, niliyoichagua nikitazama kichwa cha kwanza. Nimeifuta. Sasa nazidisha kwa kipeuo cha pili cha rangi ya ngozi mwanga unapoingia na tena unapotoka, na kwa kuwa sijui rangi ya upande wa nyuma, naichukua ileile ya mbele, hivyo jumla inakuwa rangi ya ngozi mara moja. Sikio la mtu mweusi linawaka kwa wekundu mzito uliotulia, na la mtu mweupe linawaka zaidi, kwa hesabu moja isiyo na kitufe cha kurekebisha.

Siku ya 14

Kimebaki kitu kimoja ambacho njia hii haitakitatua. Ukingo wa juu wa sikio umejikunja. Taa ikiwa nyuma na juu kidogo, mwanga unaingia kwenye mkunjo, unatoka hewani, unavuka pengo, kisha unaingia kwenye bamba la ndani. Ramani inahifadhi mguso wa kwanza tu, kwa hiyo pengo lote la hewa linahesabiwa kuwa nyama. Kwenye umbo langu pengo hilo ni milimita 5 hivi, na linaacha doa jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo chini ya ukingo unaowaka.

Nimepima njia ya pili: kuoka unene mapema kwenye tekscha, kwa kurusha mistari kutoka kila sehemu ya ngozi kuelekea ndani na kuchukua wastani wa umbali hadi ngozi ya upande wa pili. Hii inaliona bamba la ndani kama bamba jembamba, haijali pengo. Lakini haijui taa iko wapi, wala haioni mkono ukishika sikio au nywele zikilifunika. Nikiitumia peke yake, sikio linawaka hata likiwa chini ya kofia.

Kwa sasa nachukua unene wa ramani, ila ukizidi ule uliookwa nauliza kwanza ramani ya kawaida ya vivuli, ile ya nyuso za nyuma, ambayo sikuifuta. Inanipa mahali mwanga ulipotoka kwenye kitu cha kwanza. Kitu hicho kikiwa na unene wa chini ya milimita 4, na pengo linalofuata likiwa chini ya milimita 8, nalichukulia kuwa mkunjo wa sikio na kutumia unene wa vipande viwili bila hewa. Doa limepungua hadi theluthi moja. Linarudi taa ikishuka hadi usawa wa bega, kwa sababu hapo mwanga unavuka mikunjo mitatu. Kesho naijaribu kwa taa inayotembea kuzunguka kichwa polepole, nione kama mpito kati ya hesabu hizi mbili unaruka.